Kikao kimekoma, mwaliko bado upo

Jumatatu moja, saa 3 asubuhi, mama mmoja alishuka daladala akitokea Kibaha akaja moja kwa moja kwenye ofisi tuliyokuwa tukifanyia kazi Dar es Salaam. Mkononi alikuwa na daftari la taarifa ya wiki. Mlinzi akamwambia, "Mama, siku hizi Jumatatu hakuna kikao." Akatoa simu akamwonyesha: kalenda ilikuwa imemkumbusha nusu saa kabla.

Kikao kile tulikuwa tumekihamishia Alhamisi wiki mbili nyuma. Tulitangaza kwa mdomo mwishoni mwa kikao, siku ambayo yeye alikuwa anaumwa. Baadaye mtu akaandika kwenye kundi la WhatsApp: "Kikao cha Jumatatu kimesogezwa mbele." Ujumbe ulikuwa huo tu, na ukazikwa chini ya picha za harusi.

Tatizo la "kimesogezwa mbele" ni kwamba halisemi lolote la kushika. Hakuna siku wala saa, na msomaji anaweza kudhani ni cha wiki hiyo moja tu. "Jumatatu ijayo" nayo ina shida: ukiiandika Ijumaa, mmoja anaelewa mtondo, mwingine anaelewa wiki inayofuata. Andika tarehe. Na saa zetu ziandike kwa namna mbili, kwa sababu wenzetu wengi husoma kalenda ya simu. Anayeona "saa 8" peke yake anaweza kuwaza saa mbili asubuhi, kwa kuwa ndivyo simu inavyoiandika: 8:00.

Baada ya siku ile tuliandika upya, na kikao kilichofuata kuhamishwa kilipata tangazo hili, siku nne kabla ya kikao cha mwisho:

"Ndugu wote, kikao cha uratibu cha kila Jumatatu kinakoma. Cha mwisho ni Jumatatu, 26 Mei 2025. Jumatatu, 2 Juni, HAKUNA kikao, usije. Kuanzia Alhamisi, 5 Juni 2025, tutakutana kila Alhamisi saa 8 mchana (14:00), chumba kilekile. Mwaliko wa zamani nitaufuta baada ya kikao cha mwisho. Mpya nimeutuma leo. Usipouona kufikia Ijumaa, 30 Mei, nipigie."

Sentensi ninayoithamini zaidi ni ile ya 2 Juni. Watu hukumbuka mazoea kuliko tangazo, kwa hiyo siku ya kwanza ya pengo ndiyo ya hatari, na inafaa itajwe kwa jina lake.

Halafu ikaja kalenda, na hapa ndipo tulipokuwa tumekosea mara ya kwanza. Mhazibu wetu alikuwa amekifuta kikao kwenye simu yake, akaona kimetoweka, akaamini kazi imekwisha. Lakini mwaliko aliutuma mkuu wa kitengo. Kwa kawaida, mwalikwa akifuta, anajifutia mwenyewe. Wengine wote wanabaki nacho. Lazima afute mwenye mwaliko. Ndiyo maana mratibu akiondoka kazini bila kukabidhi vikao vyake, vinaweza kuendelea kukumbusha watu kwa muda mrefu.

Kwenye Google Calendar, mwenye mwaliko akifuta kikao cha kila wiki huulizwa achague: "This event", yaani hicho kimoja tu; "This and following events", yaani hicho na vinavyofuata; au "All events", vyote. Fungua kikao cha kwanza ambacho hakitafanyika, kwetu kilikuwa cha 2 Juni, kisha chagua la pili. La kwanza litafuta wiki moja, na wiki inayofuata watu watakuja tena. La tatu litafuta hata vilivyopita, pamoja na ajenda zilizoandikwa ndani yake, na siku ukitaka kujua mliketi lini kuhusu jambo fulani hutakuwa na pa kutazama.

Mwishoni kalenda itauliza kama iwajulishe waalikwa. Kubali. Wapo wanaokataa wakiogopa kusumbua watu kwa barua pepe, lakini mwenye kalenda ya aina nyingine anategemea barua hiyo. Bila hiyo kikao kinaweza kubaki kwake kama kawaida.

Kuna kalenda usizoweza kuzifikia: kengele mtu aliyojiwekea kwenye simu, ratiba iliyobandikwa ukutani, daftari la mama wa Kibaha. Hao wapigie. Na Jumatatu ile ya kwanza bandika karatasi mlangoni, kisha mwambie mlinzi wa getini siku mpya na saa yake, kwa sababu yeye ndiye atakayeulizwa wa kwanza.