Bajeti ya wakala siku ya mgao

Mpango wa kufungua uwakala wa pesa za simu huandikwa kwenye karatasi moja, na mara nyingi karatasi hiyo haina kosa la kujumlisha. Mtaji upo, pango lipo, kamisheni imekadiriwa, na chini kabisa kuna faida. Ukizifuatilia biashara hizi mwaka mmoja baadaye, kuanzia vijiji vya pamba vya Shinyanga hadi machimbo madogo ya Geita, utakuta nyingi zilifunguliwa kweli. Ila zinahudumia watu wachache kuliko waliokusudiwa, tena kwa saa chache. Si kila mara ni uzembe. Tatizo kubwa ni kwamba mtaji huandikwa kama fungu moja, wakati kazini ni mafungu mawili: floti iliyo kwenye laini na keshi iliyo kwenye droo.

Tuchukue mfano wenye tarakimu nyepesi. Mtu ana shilingi 5,000,000 na anataka kufungua karibu na mwalo wa dhahabu, nje kidogo ya mji kama Katoro. Pango ni 80,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, yaani 480,000. Kibanda chenye grili, meza na bango kinachukua 350,000, simu za kitochi 100,000, leseni na nyaraka nyingine 120,000. Zinabaki 3,950,000. Mpango unasema watakuja wateja 60 kwa siku, kila mmoja akiacha kamisheni ya wastani wa shilingi 300. Hiyo ni 18,000 kwa siku na 468,000 kwa siku 26 za kazi. Matumizi ya mwezi, yaani pango, kijana wa kukaa kibandani, umeme, ulinzi na nauli, ni 330,000. Faida: 138,000. Haina tamaa, na ndiyo maana inashawishi.

Hatua ya ujenzi huwa fupi. Fundi wa grili hamalizi wiki. Kinachochelewa ni laini ya wakala, kwa sababu inasubiri TIN, leseni ya biashara na kitambulisho, na maombi hupitia mikono kadhaa kabla laini haijawashwa. Pango halisubiri; linahesabiwa tangu siku lilipolipwa. Wiki sita za kungoja ni shilingi 120,000, karibu faida yote ya mwezi mmoja wa mpango. Wengine hukwepa kungoja kwa kukodi laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Kibanda kinafunguliwa kwa wakati, lakini siku laini hiyo ikifungiwa, au mwenye jina akikosana na mpangaji, floti iliyomo ndani inakwama naye. Kati ya gharama hizi mbili, ya kungoja walau inajulikana ukubwa wake.

Kisha biashara inaanza, na zile 3,950,000 zinagawanywa. Tuseme 1,950,000 zinakaa kama keshi, na 2,000,000 zinaingia kwenye laini za mitandao minne, 500,000 kila moja. Mpango ulichukulia kwamba wanaotoa na wanaoweka watafutana, mmoja akiacha noti ambazo mwingine anazihitaji. Mjini Shinyanga au Kahama jambo hilo hutokea kwa kiasi, kwa kuwa soko, stendi na mishahara huchanganya wateja. Kwenye machimbo na kwenye pamba watu huja kwa wimbi, wote wakitaka kitu kimoja. Msimu wa pamba ukifunguliwa na wakulima wakilipwa kwa simu, kijiji kizima kinatoa. Machimboni, tajiri aliye mjini akituma fedha za chakula na maji ya duara, msimamizi anatoa. Dhahabu ikiuzwa na mgao ukafanyika, wachimbaji wanakuja na noti kuweka ili watume nyumbani, na sasa kinachoisha ni floti, tena ya mtandao mmoja tu, huku mitatu mingine ikiwa na salio lisiloguswa.

Siku ya kutoa, ikiwa kila mteja anataka 50,000, keshi ya 1,950,000 inawatosha watu 39. Wa 40 anaambiwa hakuna keshi. Kamisheni ya watu 39 ni 11,700, na mwezi wa siku kama hizo unaleta 304,200, chini ya matumizi kwa 25,800. Wateja 60 walikuja kweli; mpango haukukosea hapo. Ulikosea kukadiria ni mara ngapi fedha ileile ingezunguka kabla ya jioni.

Hapo ndipo gharama zinapokua. Ili kugeuza floti kuwa keshi, mtu lazima aende benki au kwa wakala mkubwa. Bodaboda ya kwenda na kurudi ikiwa 10,000, wanahitajika wateja 34 zaidi ili kurudisha nauli peke yake. Akienda mapema, hana uhakika wa wateja hao. Akienda amechelewa, benki imefungwa. Juu ya hilo kuna kodi ya zuio inayokatwa kwenye kamisheni, na kuna laini ambazo kamisheni yake husubiri mwisho wa mwezi, wakati kijana wa kibandani anahitaji kula leo. Kuna noti bandia, na namba iliyokosewa tarakimu moja. Mambo mengine yanatoka mbali kabisa na kibanda: tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021, watu wengi walipunguza kutuma na kutoa kwa simu, na hata ilipopunguzwa Septemba mwaka huohuo, mapato ya miezi ile hayakurudi. Hakuna karatasi ya mpango ambayo ingeliona hilo.

Machimboni pango lenyewe ni kamari ya aina yake. Rashi ikihama, wateja wanahama nayo ndani ya siku chache, na miezi iliyolipiwa inabaki na mwenye nyumba. Wazoefu hulipa zaidi kwa mwezi ili wasifungwe na miezi sita, au hujenga kwa mabati ya kung'oa. Kwa mtazamo wangu huo si ubadhirifu, ingawa kwenye bajeti unaonekana hivyo.

Linaloachwa bila kukamilika, karibu kila mahali, ni saa za huduma. Laini zina ukomo wake, na mteja ana ukomo wake wa siku. Ukomo unaomgusa mtumiaji zaidi, hata hivyo, ni ule anaojiwekea wakala: keshi kiasi gani inaweza kulala kibandani, na giza likiingia nani yuko ndani ya grili. Kwa hofu ya kuvamiwa, wengi hufunga jua linapozama, na huo ndio muda mchimbaji anapanda kutoka duarani na kupewa chake. Bango linasema huduma ipo, naye analala na noti mfukoni.

Kiwango cha kukamilika kwa mradi huu basi hakipimwi kwa kibanda kusimama. Kinapimwa kwa daftari ambalo mawakala wachache huliweka: mstari kwa kila mteja aliyerudishwa, saa aliyokuja, mtandao wake, na kama kilichokosekana ni keshi au floti. Baada ya mwezi mmoja, daftari hilo huonyesha kama dawa ni mtaji zaidi, au ni kupunguza mitandao kutoka minne hadi miwili yenye wateja, ili kila laini ibebe 1,000,000 badala ya 500,000. Hatua hiyo ya pili haina gharama ya ziada, ila wateja wa mitandao miwili iliyoachwa watalazimika kutembea hadi kibanda kingine.