Barua ya Mgeni Rasmi Kabla Haijaondoka

Barua nyingi za ofisini hazianzi kwenye ukurasa mtupu. Katibu muhtasi wa shule anapotaka kumwalika Mkuu wa Wilaya awe mgeni rasmi wa mahafali ya kidato cha nne, hufungua barua ya mwaka jana, hubadilisha jina na tarehe, kisha huituma kwa barua pepe. Barua ile ilikuwa sahihi mwaka jana, ndiyo maana makosa yake ya mwaka huu hayaonekani kirahisi.

Tuseme mgeni wa mwaka jana alikuwa Kanali, mwanamume, na wa mwaka huu ni mwanamke mwenye shahada ya uzamivu. Juu kabisa mwandishi ameshaandika “Mhe. Dkt.” na jina lake, vizuri. Lakini aya ya tatu bado inasema “tunaamini Mheshimiwa Kanali utakubali ombi letu”, na ya mwisho inamkaribisha “pamoja na mke wako”. Kuisoma barua mara mbili au tatu hakusaidii sana, kwani aliyeiandika husoma alichokusudia kuandika. Kinachosaidia ni kuitafutia masalia yake: bonyeza Ctrl+F, andika jina la mgeni wa zamani, kisha cheo chake, kisha mwaka uliopita. Kila neno litakalojitokeza linaangaliwa peke yake. Hilo la “mke wako” halina jina wala cheo, kwa hiyo mashine haitalikamata; hapo mpe mwenzako ambaye hajaiona barua aisome kwa sauti.

Jina lenyewe lisiandikwe kwa kusikia. Fatma si Fatuma, Mohamed si Muhammad, na mwenye jina huliona kosa kabla hajafika kwenye ombi. Nenda kwenye barua aliyoisaini yeye mwenyewe, ulichukue herufi kwa herufi. Kundi la WhatsApp la wazazi si mahali pa kutafuta jina la kiongozi, wala cheo chake, maana uteuzi hubadilika na watu huendelea kutumia cheo cha zamani kwa miezi. Kama huna uhakika nani yuko ofisini wiki hii, piga simu masjala.

Kiambatisho kinahitaji zaidi ya kuona kile kialama cha kibanio cha karatasi. Kialama kinaonyesha kuwa kuna faili. Hakisemi ni faili gani. Lifungue kutoka ndani ya barua pepe yenyewe, si kutoka kwenye folda yako, ndipo utajua kama ni ratiba ya mwaka huu au rasimu yenye maoni ya mwalimu wa taaluma pembeni. Jedwali la Excel lichunguzwe zaidi, kwani lina kurasa na mistari iliyofichwa. Mwezi Februari 2022 askari mmoja wa Uingereza alituma jedwali akidhani lina majina yapatayo 150 ya Waafghani walioomba hifadhi. Ndani yake kulikuwa na taarifa za waombaji karibu 19,000, na serikali yenyewe haikujua mpaka Agosti 2023, sehemu ya orodha ilipoonekana kwenye Facebook.

Anwani ya mpokeaji iandikwe mwisho. Ukiacha sehemu ya To ikiwa tupu hadi kila kitu kiwe tayari, kidole kikiteleza barua haiendi popote. Unapoanza kuandika herufi mbili tatu, programu hukupendekezea anwani ulizowahi kutumia, na hupenda kukuletea yule mnayeandikiana mara kwa mara. Kwa hiyo usiamini jina linaloonekana. Soma anwani yote, hasa kipande cha baada ya @. Jeshi la Marekani hutumia .mil, nchi ya Mali hutumia .ml. Mholanzi aliyekuwa akisimamia anwani za Mali, Johannes Zuurbier, alikusanya barua karibu 117,000 kati ya Januari na Julai 2023 zilizokuwa zikilengwa kwa jeshi hilo. Mojawapo ilikuwa na ratiba ya safari ya mkuu wa majeshi ya nchi kavu kwenda Indonesia. Herufi moja tu ilikuwa imesahaulika.

Gmail ina kitufe cha Undo Send, na kwenye Settings unaweza kukiongezea muda kutoka sekunde 5 hadi 30. Kitufe hicho hakiivuti barua kutoka kwa mtu. Huichelewesha tu kutoka kwako, na muda ukipita imekwenda. Baada ya hapo kilichobaki ni kutuma ya pili iliyosahihishwa, yenye kichwa kile kile na neno “Marekebisho” mwanzoni, na sentensi moja ya kumwomba katibu wa Mkuu wa Wilaya aiweke kando ile ya kwanza. Msamaha mrefu humfanya asome kosa mara mbili.