Dawa za Sonona: Sababu za Nafuu Kuchelewa, na Mipaka ya Maelezo ya "Upungufu wa Kemikali"

Sehemu hii tumeiandika kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo walio katika miaka ya mwisho ya masomo ya afya na sayansi, ambao wakirudi nyumbani Kibondo, Kakonko au Kasulu huulizwa na jamaa zao juu ya dawa walizoandikiwa. Swali linalorudiwa mara nyingi ni hili: kama dawa hurekebisha kemikali ya ubongo, kwa nini mgonjwa ameimeza siku kumi bila kuona nafuu?

Makundi ya dawa

Dawa mbili ndizo zinazotajwa zaidi katika miongozo ya Shirika la Afya Duniani, ukiwemo ule unaohusu huduma katika mazingira ya wakimbizi, kama yale ya Nyarugusu na Nduta: amitriptilini na fluoksetini.

Amitriptilini ni ya kundi la trisaikliki, lililoanza kujulikana mwaka 1957 baada ya daktari wa Uswisi, Roland Kuhn, kueleza manufaa ya imipramini. Dawa hizi huzuia seli za neva zisirudishe ndani serotonini na noradrenalini zilizokwisha kutolewa, hivyo kemikali hizo hubaki kwa muda mrefu zaidi katika upenyo ulio kati ya seli na seli. Lakini hugusa pia vipokezi vingine vingi. Ndiyo sababu huleta usingizi, ukavu wa mdomo, kufunga choo na shida ya kukojoa, na zikimezwa kwa wingi huvuruga mapigo ya moyo na zinaweza kuua.

Fluoksetini ni ya kundi linalozuia urejeshaji wa serotonini peke yake. Mwanzoni huweza kuleta kichefuchefu, wasiwasi na kukosa usingizi, ila hatari yake kwa moyo ni ndogo zaidi.

Kundi la tatu huzuia kimeng'enya kinachovunja monoamini, yaani jamii ya kemikali inayojumuisha serotonini, noradrenalini na dopamini. Asili yake ni iproniazidi, dawa iliyojaribiwa kwa wagonjwa wa kifua kikuu mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikaonekana kuwachangamsha. Leo kundi hili hutumika kwa nadra, kwa kuwa huhitaji mgonjwa ajihadhari na baadhi ya vyakula na dawa.

Mfano: majuma sita ya mwalimu mmoja

Tuchukue mfano wa kubuni wa mwalimu anayeishi Gwarama. Ameandikiwa fluoksetini miligramu 20, kidonge kimoja kila asubuhi. Saa chache baada ya kidonge cha kwanza, urejeshaji wa serotonini umekwisha kuzuiwa kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, katika juma la kwanza anachokiona ni kichefuchefu na usiku wa kugeukageuka kitandani. Katika juma la pili mkewe anasema kuwa anakula vizuri kidogo, ingawa yeye mwenyewe hajioni tofauti. Kati ya juma la nne na la sita ndipo anapotambua kwamba ameanza tena kusahihisha madaftari bila kujilazimisha.

Hatari ya mpangilio huu ni dhahiri: madhara hutangulia na faida hufuata. Anayeacha dawa siku ya kumi ameonja uchungu wake wote, na utamu hajaufikia.

Kwa nini kuchelewa huku?

Jibu la kwanza linalomjia mwanafunzi ni kwamba dawa hujikusanya polepole mwilini. Kwa fluoksetini ni kweli kwa sehemu. Baada ya matumizi ya muda, nusu-maisha yake ni siku nne hadi sita, na zao lake, norfluoksetini, hukaa zaidi ya hapo. Hivyo kiwango katika damu hutulia baada ya takriban majuma manne. Lakini amitriptilini ina nusu-maisha ya takriban siku moja, na kiwango chake hutulia ndani ya juma moja tangu dozi ilipopangwa. Nafuu yake nayo huchukua majuma. Kwa hiyo kujikusanya kwa dawa hakutoshi kuwa jibu.

Jibu la pili limetokana zaidi na majaribio kwa wanyama. Seli zinazotoa serotonini zina vipokezi vya kujidhibiti. Serotonini inapozidi kuzizunguka, vipokezi hivyo huziamuru zipunguze kasi, kiasi kwamba mwanzoni dawa hujipinga yenyewe. Baada ya majuma mawili au matatu vipokezi hulegea na kasi hurudi. Watafiti walijaribu kuufupisha muda huo kwa kuongeza pindololi, dawa inayoziba vipokezi hivyo. Katika baadhi ya majaribio nafuu iliwahi kidogo, lakini baadaye tofauti na wasioipata haikudumu.

Jibu la tatu huangalia mtu zaidi kuliko seli. Vipimo vimeonyesha kwamba hata dozi za mwanzo huweza kubadili namna mtu anavyosoma nyuso za wenzake: haoni tena karaha katika kila uso. Lakini hali ya moyo hubadilika kwa kukusanya siku nyingi za kuuona ulimwengu kwa namna hiyo. Maelezo haya hukubaliana na mke wa mwalimu wetu, aliyeona mabadiliko kabla ya mgonjwa mwenyewe.

Nadharia tete ya monoamini inaishia wapi

Mwaka 1965 Joseph Schildkraut alitoa hoja kwamba baadhi ya sonona hufungamana na upungufu wa noradrenalini, na baadaye wengine waliipa serotonini nafasi hiyo. Ushahidi mmoja ulikuwa reserpini, dawa ya shinikizo la damu inayotokana na mimea ya rauwolfia, ambayo huziishia seli akiba ya monoamini na ilidaiwa kuleta sonona. Lakini waliopatwa na hali hiyo walikuwa wachache tu kati ya watumiaji. Tena, jaribio lililochapishwa Uingereza mwaka 1955 lilionyesha kuwa reserpini iliwasaidia wagonjwa wenye wasiwasi na huzuni.

Watafiti pia wamepunguza serotonini kwa makusudi kwa kumnyima mtu triptofani, malighafi yake. Watu wazima wasio na historia ya sonona kwa kawaida hawakuhuzunika. Baadhi ya waliopona kwa dawa zinazogusa serotonini walirudiwa na dalili. Hapa pana fundisho: serotonini inaweza kuwa njia ya dawa bila kuwa chanzo cha ugonjwa. Panadoli hushusha homa ya malaria, wala hakuna asemaye kuwa malaria ni upungufu wa panadoli.

Kwa hiyo kauli "una upungufu wa serotonini" haina kipimo cha kuithibitisha kwa mgonjwa. Kukanusha kauli hiyo, hata hivyo, si kukanusha dawa, kwa sababu manufaa hupimwa kwa kulinganisha wagonjwa waliopewa dawa na waliopewa vidonge bandia. Wastani wa tofauti hiyo si mkubwa, lakini upo.

Mambo ya kuzingatia

- Usiihukumu dawa kabla ya majuma manne hadi sita katika dozi ya kutosha. Amitriptilini huanza kwa miligramu 25 usiku na kupandishwa na tabibu, hivyo hesabu isianzie kidonge cha kwanza.
- Kwa walio chini ya miaka 25, majuma ya mwanzo huweza kuongeza mawazo ya kujiua. Mtu wa karibu amwangalie mgonjwa, na dalili hizo zikionekana afikishwe kituoni siku hiyohiyo. Amitriptilini nyingi isiwekwe mikononi mwake.
- Mwambie mtoa huduma dawa zote unazotumia. Dawa ya mseto ya malaria yenye lumefantrini huweza kupandisha kiwango cha amitriptilini, na tramado pamoja na fluoksetini huweza kuzidisha athari za serotonini kwa hatari.
- Nafuu ikipatikana, dawa huendelea kwa miezi tisa hadi kumi na miwili, kisha hupunguzwa kidogo kidogo. Rudi kituoni kabla vidonge havijaisha: amitriptilini ikikatika ghafla, kichefuchefu na kukosa usingizi huweza kujitokeza ndani ya siku chache.