Kabla ya kuandika kwamba Mau imeisha, hesabu pikseli zako upya

Umepewa zoezi la somo la picha za setilaiti: chukua picha mbili za miaka tofauti, chora ramani ya kinachofunika ardhi kila mwaka, kisha uonyeshe kilichobadilika. Wiki mbili, kurasa kumi, ramani tatu. Darasa zima limekimbilia Mau Mashariki, na wewe pia. Si vibaya. Mwaka 2001 serikali ilikata zaidi ya hekta 35,000 kutoka kwa hifadhi hiyo ya msitu na kuzifanya makazi na mashamba, kwa hivyo mabadiliko yapo, tena makubwa. Lakini hapo hapo ndipo mtego ulipo. Kwa kuwa unajua jibu kabla ya kuanza, ramani yoyote nyekundu itakayotokea kwenye skrini utaiamini.

Nakuandikia kwa sababu niliiamini ya kwangu. Ilionyesha msitu wote umetoweka, hata ule ambao ungesimama Mariashoni ungeugusa kwa mkono. Mhadhiri wangu aliitazama, akauliza swali moja tu: "Hapa umepima msitu ama umepima makosa yako?" Tuchukue swali hilo tutembee nalo hatua kwa hatua.

Anza na mpaka. Zoezi linataka ukate picha ili ubaki na eneo lako pekee. Wengi hupakua mpaka wa msitu mtandaoni na kukatia hapo bila kuuliza ni mpaka wa mwaka gani. Kama ni ule wa baada ya 2001, sehemu iliyogeuzwa mashamba tayari imeachwa nje, na ramani yako itasema Mau Mashariki ilipoteza kidogo tu. Tumia mpaka wa kabla ya 2001. Usipoupata, chora mwenyewe mstatili unaoshika Nessuit, Mariashoni, Teret na Likia, kisha useme wazi kwenye ripoti kwamba eneo ulilopima ni hilo.

Pili, chagua tarehe kwa kufuata mvua, si kwa kupenda miaka mizuri kama 2000 na 2020. Picha za Landsat za eneo hili ziko njia ya 169, safu ya 060, na kuzipakua ni bure. Mwanzo wa mwaka 2000 unafaa: Landsat 7 ilikuwa imerushwa Aprili 1999 na kifaa chake cha kunyoosha mistari kilikuwa bado kizima. Kiliharibika tarehe 31 Mei 2003, na picha za baada ya hapo zina mapengo kama mbavu za punda milia. Lakini kwa picha ya pili, 2020 itakudanganya. Mvua za mwisho wa 2019 zilikuwa nyingi kupita kawaida, na Januari 2020 kila kitu Kenya kilikuwa kijani, hata mabua. Mwanzo wa 2000, kinyume chake, nchi ilikuwa kwenye ukame. Ukilinganisha hizo mbili, mashamba ya 2020 yatajipaka rangi ya vichaka na msitu, na upotevu wa kweli utajificha.

Mimi ningechukua Januari au Februari 2017 kutoka Landsat 8. Mwaka huo pia ulikuwa wa ukame, hadi serikali ikautangaza janga la kitaifa mwezi wa Februari. Kiangazi kwa kiangazi, kavu kwa kavu. Wakati huo mahindi na ngano vimeshavunwa, shamba limebaki udongo na mabua, na msitu umebaki kijani. Tofauti kati ya viwili hivyo haiwi kubwa zaidi ya hapo.

Sasa tufungue picha zenyewe, na hapa ndipo mimi nilipoanguka. Mmea wenye afya hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi miale ya infraredi iliyo karibu na mwekundu, ambayo jicho letu haliioni. Kipimo cha NDVI hulinganisha hiyo miwili. Shida ni kwamba Landsat 7 na Landsat 8 hazikuzipa bendi zao nambari sawa. Kwenye Landsat 7, mwekundu ni bendi ya 3 na infraredi ni bendi ya 4. Kwenye Landsat 8, mwekundu ni bendi ya 4 na infraredi ni bendi ya 5. Nilitumia 3 na 4 kwa zote mbili. Kwa picha ya 2017 nikawa nalinganisha kijani na mwekundu, na msitu mzito ukapata thamani iliyo chini ya sifuri, kama maji. Hivyo ndivyo "nilivyofyeka" Mau yote kwa dakika tano.

Kuna kosa la pili linalofanana na hilo, ila hili halipigi kelele. Picha za kiwango cha pili, zilizosafishwa athari za hewa, huhifadhiwa kama nambari kubwa za kompyuta. Ni lazima uzirudishe kuwa kiasi cha mwanga kabla ya kupiga NDVI. Kwenye kikokotoo cha QGIS, ukiwa umezipa bendi majina mafupi, fanya hivi kwa kila moja:

```
"red_2017@1" * 0.0000275 - 0.2
"nir_2017@1" * 0.0000275 - 0.2
```

Kisha, kwa matokeo hayo mapya:

```
("nir@1" - "red@1") / ("nir@1" + "red@1")
```

Tuone tofauti yake. Chukua pikseli moja ya msitu inayorudisha asilimia 3 ya mwanga mwekundu na asilimia 30 ya infraredi. NDVI yake ni 0.27 kugawanya kwa 0.33, yaani kama 0.82. Ndani ya faili, pikseli hiyo hiyo imeandikwa 8,364 na 18,182. Ukizitumia mbichi unapata 0.37, na msitu unaanza kufanana na vichaka vya kiangazi. Ukirekebisha picha moja ukasahau ya pili, basi msitu mzima "utapungua" bila mti hata mmoja kuanguka. Kwa hivyo, kabla ya kuendelea, bofya sehemu tatu unazojua hazijabadilika: katikati ya msitu mnene, paa kubwa la kiwanda, jiwe tupu. Thamani za miaka miwili zikikaribiana, endelea. Zikipishana sana, kosa liko kwenye hesabu yako, si ardhini.

Hatua inayofuata ni kuifundisha kompyuta. Kwenye QGIS wengi wetu hutumia programu-jalizi ya SCP: unazungushia maeneo madogo unayoyajua, unayapa jina, na kompyuta inatafuta yanayofanana. Usiweke makundi kumi na mawili. Manne yanatosha: 1 msitu wa asili, 2 msitu wa kupandwa, 3 mashamba, 4 nyasi na vichaka.

Kwa nini msitu uwe makundi mawili? Kwa sababu sehemu kubwa ya Mau Mashariki ni saipresi na misonobari ya kupandwa, ambayo hukatwa ikikomaa. Baada ya kukatwa, wakulima huruhusiwa kulima viazi na maharagwe katikati ya miche kwa miaka michache hadi miti iwafunike. Setilaiti ikipita wakati huo inaona shamba. Haijakosea, kwani kinachofunika ardhi ni viazi. Lakini matumizi ya ardhi hiyo bado ni msitu, na baada ya miaka kumi saipresi itakuwa imerudi. Ukilichanganya shamba hilo na msitu wa asili uliogeuzwa makazi, umeweka mambo mawili yasiyo ndugu kwenye kapu moja. Kwa bahati nzuri, saipresi huonekana nyeusi zaidi kwenye picha ya rangi bandia na mipaka yake huwa imenyooka kama daftari, huku msitu wa asili ukiwa na madoadoa na kingo za kujipinda.

Ukiwa na ramani mbili, zioanishe kwa hesabu rahisi:

```
"ramani_2000@1" * 10 + "ramani_2017@1"
```

Kila pikseli sasa inasimulia safari yake. 11 ni msitu wa asili uliobaki. 13 ni msitu wa asili uliogeuka shamba. 23 ni saipresi iliyokatwa, na hiyo iripoti kando. Endesha zana iitwayo `Raster layer unique values report` uone kila nambari ina pikseli ngapi. Pikseli moja ni mita 30 kwa 30, yaani hekta 0.09, kwa hivyo zile hekta 35,000 za mwaka 2001 ni kama pikseli 389,000.

Sasa iangalie nambari ambayo wengi huiruka: 31. Hiyo inasema shamba la mwaka 2000 limekuwa msitu wa asili mwaka 2017. Mti wa kupandwa unaweza kufunga eneo kwa miaka 17, lakini podo na mizeituni mwitu hazijazi shamba la ngano kwa muda huo. Kwa hivyo 31 karibu yote ni makosa ya ramani, na ikiwa ni hekta 4,000, usitarajie 13 yako iwe safi. Sababu ni hesabu ya kawaida. Ramani mbili zenye usahihi wa asilimia 85 kila moja, kama makosa yake hayahusiani, zote mbili ziko sawa kwa pikseli moja katika asilimia 72 tu ya eneo.

Dawa yake ni kukagua mabadiliko yenyewe. Tawanya nukta 100 bila mpangilio ndani ya 13 na nyingine 100 ndani ya 11, kisha uzitazame moja moja kwenye picha kali za Google Earth. Kwa mwaka 2000, ambako picha kali ni adimu, rudi kwenye Landsat yenyewe kwa rangi bandia. Tuseme 13 ina hekta 12,000, na nukta 78 kati ya 100 ni mabadiliko ya kweli. Hapo kinachosimama ni kama hekta 9,400, na nukta za 11 zitakuambia ni kiasi gani kilikuponyoka.

Si suala la alama pekee. Mau ni ardhi ambayo Waogiek waliipigania hadi Mahakama ya Afrika, wakashinda Mei 2017, na ambako familia zimefurushwa kwa kuambiwa ziko ndani ya msitu. Huko, hekta 2,600 zilizozidi kwenye jedwali lako zina nyumba ndani yake.

Kwa hivyo, kwenye ukurasa wa matokeo, andika tarehe za picha, mpaka uliotumia, hekta ulizosoma kwenye ramani, na hekta zilizobaki baada ya ukaguzi. Andika na ile 31 pia. Mhadhiri atakuuliza kuihusu, na wewe utakuwa na jibu.