Fahamu: Uji Mzito wa Mtoto Anayepona Utapiamlo

Katika nyumba za Bukoba na Muleba, ambako ndizi ya kupika ndiyo chakula hasa, mtoto aliyedhoofu aghalabu hushiba kabla hajapata kinachomtosha, kwa kuwa ndizi iliyochemshwa imejaa maji na tumbo lake ni dogo. Uji wa maji una ila iyo hiyo: vijiko viwili vikubwa vya unga, yapata gramu 20, katika mililita 200 za maji, humpa kilokalori 70 tu.

Lakini unga uo huo ukipikwa kwa mililita 200 za maziwa ya ng'ombe, na uji ukisha kuiva ukatiwa kijiko kimoja cha chai cha mafuta na viwili vya sukari, kikombe hicho hukaribia kilokalori 280, ilhali tumbo halikuongezewa mzigo. Mafuta yakorogwe hata yasielee. Yakizidi, au sukari ikizidi, mtoto huweza kuharisha. Uji uliokaa zaidi ya saa mbili umwagwe.

Tahadhari kubwa ni hii: chakula hiki ni cha mtoto aliyevuka miezi 6, ambaye hamu ya kula imemrejea na uvimbe umekwisha. Yule ambaye miguu yake ikibonyezwa hubaki shimo, au anayekataa kula, apelekwe hospitali kwanza, maana moyo wake taabani hauhimili shibe ya ghafla. Aliye nyumbani apimwe kliniki kila juma, aendelee kunyonya, na uzito usipopanda arudishwe kwa mganga upesi.