Pasaka ya Mwaka 1498 Ilikuwa Lini?

Merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga nje ya bandari ya Mombasa siku ya Jumamosi. Aliyeandika shajara ya safari ile hakutuachia jina lake, ila ametuachia kondoo, machungwa, malimau na miwa aliyopeleka mfalme wa Mombasa siku iliyofuata, na siku hiyo anaiita Jumapili ya Matawi. Juma moja baadaye, Malindi, ni Pasaka. Mara nyingi hivyo ndivyo baharia wa enzi hizo alivyohesabu siku zake: kwa sikukuu. Ukitaka kuandika kitabu cha historia ya pwani yetu na nyuma yake uweke kiambatisho cha tarehe, lazima ujue Pasaka ya mwaka ule iliangukia tarehe ngapi. Ukiijua hiyo, nyingine zote zinajipanga.

Kanuni yenyewe wengi tumeisikia kanisani: Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au baada yake. Mwezi mpevu ukiangukia Jumapili yenyewe, Pasaka husogea hadi Jumapili ya pili. Lakini mwezi unaotajwa hapa si ule unaouona ukitoka nje usiku. Ni mwezi wa jedwali. Wakokotozi wa Kanisa la kale walijua kwamba baada ya miaka 19 mwezi hurudi kupevuka karibu tarehe zilezile, basi wakaipa kila mwaka nambari yake kati ya 1 na 19, wakaiita namba ya dhahabu, na mbele ya kila namba wakaandika tarehe ya mwezi mpevu wa Pasaka.

Tuufanyie kazi mwaka 1498. Ugawe kwa 19: unapata 78 na baki 16. Ongeza 1, namba ya dhahabu ni 17. Katika jedwali la kalenda ya zamani, ile ya Julio Kaisari, namba 17 inasimama mbele ya tarehe 9 Aprili. Huo ndio mwezi wetu mpevu.

Sasa tunatafuta 9 Aprili ilikuwa siku gani ya juma. Hapa hutumika herufi ya Dominika. Siku za mwaka huandikiwa herufi saba, kuanzia A kwa 1 Januari hadi G kwa 7 Januari, kisha A tena, na herufi ya mwaka ni ile inayokaa kwenye Jumapili. Chukua 1498, ongeza robo yake bila sehemu, yaani 374, ongeza 5, jumla 1877. Gawa kwa 7, baki ni 1. Baki 0 ni A, baki 1 ni G, baki 2 ni F, na kuendelea kurudi nyuma. Basi herufi ni G: 7 Januari ni Jumapili, na vivyo hivyo kila siku ya mwaka ambayo hesabu yake inagawanyika kwa 7. Tarehe 9 Aprili ni siku ya 99 ya mwaka. Saba mara kumi na nne ni 98, kwa hiyo siku ya 98 ni Jumapili na ya 99 ni Jumatatu. Jumapili inayofuata ni 15 Aprili. Hiyo ndiyo Pasaka. (Mwaka wenye 29 Februari una herufi mbili, na hii tuliyoikokotoa hutumika kuanzia Machi tu. Hapo wengi huteleza.)

Rudi nyuma juma moja: Jumapili ya Matawi ni 8 Aprili, na Jumamosi ya kutia nanga Mombasa ni 7 Aprili. Shajara inasema pia kwamba waliondoka Malindi Jumanne tarehe 24. Hesabu yetu inaifanya 24 Aprili kuwa Jumanne. Mimi huwa siridhiki mpaka nipate ushahidi wa namna hii, ambapo mwandishi mwenyewe ametaja siku na tarehe pamoja.

Sikukuu nyingine ni kuhesabu tu. Siku 46 kabla ya Pasaka ni Jumatano ya Majivu, 28 Februari. Siku 39 baada yake ni Kupaa kwa Bwana, 24 Mei, siku nne tu baada ya merikebu kufika Kalikuti. Siku ya 49 ni Pentekoste, 3 Juni.

Kosa linaloharibu viambatisho vingi siku hizi linatoka kwenye kompyuta. Programu nyingi hutumia kalenda ya Gregori, iliyoanza Oktoba 1582, na huirudisha nyuma hadi karne ambazo haikuwapo. Ukiziuliza Pasaka ya 1498 zitakujibu 17 Aprili bila kusita. Ukiziuliza 7 Aprili 1498 ilikuwa siku gani, zitasema Alhamisi. Hapo ndipo unapolikamata kosa, kwa sababu shajara inasema Jumamosi.

Jibu hilo la 17 Aprili lina jambo la kutazama kwa karibu. Kwa kalenda ya zamani, siku hiyo ni 8 Aprili, ileile Jumapili ya Matawi. Maana yake, wale mabaharia walisherehekea Pasaka juma zima baada ya Jumapili ambayo kanuni ya Gregori ingeichagua. Jedwali la miaka 19 lilikuwa limepitwa na mwezi, siku moja kwa kila miaka mia tatu hivi. Shahidi wa hilo alikuwa Mombasa kwenyewe. Kwa hesabu ya Hijria, 7 Aprili 1498 ni 14 Shaabani 903, labda na tofauti ya siku moja kulingana na mwandamo. Watu wa Mombasa walikuwa na mwezi mpevu juu ya vichwa vyao, wakati jedwali la Kanisa lilikuwa bado likiungoja hadi Jumatatu.

Kisha kuna suala la mwaka kuanza lini. Siku hiyohiyo, 7 Aprili 1498, huko Amboise, mfalme Charles VIII wa Ufaransa aligonga kichwa kwenye kizingiti cha juu cha mlango akafa baada ya saa chache. Ufaransa wakati ule ilianza mwaka mpya siku ya Pasaka, si 1 Januari, na desturi hiyo iliendelea hadi amri ya 1564 ilipoiondoa. Pasaka ilikuwa bado siku nane mbele, kwa hiyo kwa makarani wa kifalme mwaka ulikuwa bado 1497. Na kwa kuwa Pasaka ya 1497 iliangukia 26 Machi, mwaka wao huo ulikuwa na tarehe 7 Aprili mbili, moja karibu na mwanzo na nyingine karibu na mwisho. Ndiyo sababu hati za Ufaransa huongeza maneno "kabla ya Pasaka". Maneno hayo yakidondoka wakati wa kunakili, mfalme anakufa mwaka mzima kabla ya wakati wake.

Kwa hiyo mstari wa siku hiyo katika kiambatisho ninauandika hivi: Jumamosi 7 Aprili 1498, kalenda ya Julio; mkesha wa Matawi; 14 Shaabani 903 kwa hesabu; Ufaransa 1497, kabla ya Pasaka; da Gama atia nanga Mombasa; Charles VIII afariki Amboise.