Besi Iliyojificha Kwenye Simu Kumi na Mbili

Nyimbo nyingi za kwaya zetu hukaa mahali pawili tu: kwenye daftari la mwalimu na kwenye vichwa vya waimbaji. Daftari likiliwa na mchwa, na waimbaji wakaoa, wakahama, wakazeeka, wimbo hubaki vipandevipande kwa watu waliokuwapo siku ulipoimbwa. Siku hizi vipande hivyo vimo kwenye simu.

Hasara ya namna hii si ngeni. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule huko Johannesburg, alitunga mwaka 1897 wimbo ambao muziki wake Watanzania wanauimba leo kama Mungu Ibariki Afrika. Nyimbo zake aliziandika kwa mkono kwenye daftari. Alifariki mwaka 1905. Inasimuliwa kwamba walimu wa kwaya walikuwa wakiliazima daftari hilo kwa mjane wake, hadi likapotea lisionekane tena. Ule mmoja ulisalimika kwa sababu kwaya nyingine zilikwisha kuushika, na mwaka 1923 Sol Plaatje akaurekodi mjini London. Nyingine za daftari lile hazikupata bahati hiyo.

Tumfuate basi mwalimu mmoja wa kwaya, katika parokia moja ya kandokando ya Ziwa Viktoria, katika kisa ambacho walimu wengi watakitambua. Mwalimu aliyemtangulia alitunga wimbo wa shukrani kwa jubilei ya padri. Uliimbwa siku ile moja, sauti nne, bila kinanda kwa kuwa umeme ulikatika. Ngoma na kayamba tu. Miaka ikapita, mtunzi akafariki, na daftari lake likakutwa limelowa, wino umesambaa, kurasa zimeshikana. Familia iliomba wimbo huo uimbwe kwenye misa ya kumbukumbu yake. Hakuna aliyekuwa na nota.

Alichofanya kwanza ni kuomba kila aliyekuwapo jubilei atafute kwenye simu yake, hata iliyokwisha kupasuka kioo. Zikapatikana rekodi kumi na mbili. Nyingine ni video za dakika nzima, nyingine sekunde ishirini za sakafu na viatu. Nusu ya hizo zilimfikia zimekwisha kupita kwenye makundi matatu manne ya WhatsApp, na hapo alikuwa mkali: aliwarudia wenye simu na kuwaomba faili lenyewe, walitume kama nyaraka, si kama video. WhatsApp huifinya video ili iwe nyepesi, na kinachopotea kwanza ni vitu vidogovidogo vya sauti ambavyo yeye ndivyo alivyokuwa akivitafuta.

Halafu akafanya jambo ambalo wengi wangeliruka. Hakuchagua rekodi safi kuliko zote akaikalia. Alichora ukumbi kwenye karatasi na kuweka alama mahali aliposimama kila mwenye simu.

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Simu iliyo hatua mbili kutoka kwa alto husikia alto kuliko kitu kingine, hata kama mwenye simu alidhani anarekodi kwaya nzima. Kwa hiyo rekodi mbaya kumi na mbili si nakala mbaya kumi na mbili za kitu kimoja. Ni masikio kumi na mawili yaliyokaa mahali tofauti. Ile iliyotoka mezani kwa wageni wa heshima ilikuwa safi, lakini ilijaa soprano. Iliyokuwa mbaya kuliko zote, inayotetemeka na kukwaruza, ilikuwa ya kijana aliyejipenyeza upande wa besi ili ampige picha dada yake.

Kuzipanga pamoja kulihitaji alama moja iliyosikika na simu zote. Saa za simu hazikufaa kwa kuwa zilipishana kwa dakika kadhaa. Alitumia pigo la kwanza la ngoma, na kwa rekodi zilizoanza kwa kuchelewa, kigelegele kimoja kirefu cha ubeti wa pili. Aliziweka zote kwenye Audacity, programu ya bure, kila moja kwenye mstari wake, akazisogeza mpaka mapigo yakalingana. Simu ya nyuma ya ukumbi ilizidi kuchelewa kidogo, na hilo si kosa: sauti huchukua takriban sehemu moja ya ishirini ya sekunde kukata mita 17.

Rekodi mbili zilikataa kulingana. Mwendo ulikuwa tofauti, na kigelegele hakikuwapo. Alipouliza, ikajulikana zilitoka kwenye mazoezi ya wiki iliyotangulia, kabla mtunzi hajarekebisha kiitikio. Akazitoa kwenye orodha, ila hakuzifuta, kwa sababu zilionyesha mtunzi alianzia wapi.

Kikwazo cha pili kilikuwa ufunguo. Rekodi za mwanzo zilisema wimbo uko katika G. Mbili zilizoanza ubeti wa tatu zilisema F kali. Mtu mwenye haraka angeandika kwamba mtunzi alibadilisha ufunguo katikati. Lakini kwaya isiyo na kinanda hushuka, hasa nyimbo inapokuwa ndefu na waimbaji wamechoka, na kushuka huko huwa kwa polepole. Alifuata rekodi moja ndefu mwanzo hadi mwisho, akalinganisha na kinanda kila baada ya mistari miwili. Do ilikuwa ikiteleza kidogo kidogo. Mtunzi anayebadilisha ufunguo huufanya mahali pamoja panapojulikana. Wimbo ukaandikwa wote katika G.

Soprano na alto zilipatikana bila taabu kubwa. Tenor ilipatikana kwa simu mbili. Besi ndiyo iliyokosekana, na sababu yake iko ndani ya simu zenyewe. Kipaza sauti kidogo cha simu hudhoofisha sauti nene za chini, na simu nyingi hujirekebisha zenyewe: ngoma ikipigwa, simu hupunguza kila kitu kwa muda, halafu hupandisha taratibu. Besi huzama humo mara mbili, kwanza kwa unene wake, pili kwa kuwa ngoma hulia pale pale inapoanzia.

Mwishoni mwa mstari wa kwanza wa kiitikio, mwalimu alikuwa na sauti tatu. Soprano iliimba ti kisha do, alto ikabaki kwenye so, tenor ikatoka re kwenda mi. Kila aliyesoma nota angejaza besi bila kufikiri: so kisha do, mwisho wa kawaida wa nyimbo za kanisa. Yeye mwenyewe aliuandika hivyo kwa penseli.

Kisha akaenda kwa mzee aliyewahi kuimba besi siku ile. Hakumchezea rekodi yoyote, maana mtu akishasikia rekodi, huanza kukumbuka rekodi badala ya alichoimba. Baada ya shikamoo na chai, akamwomba aimbe. Mzee akatikisa kichwa.

"Mwalimu, besi haiimbwi hewani. Nipe tenor ubavuni."

Mwalimu akaimba tenor. Mzee akaingia, na mwisho wa mstari akashuka fa kisha mi, bila kusita. Walirudia, ikawa vile vile.

Je, mzee alikumbuka vizuri, au aliimba alivyozoea kwenye wimbo mwingine? Jibu lilikuwa kwenye rekodi ya yule kijana. Sauti ya mtu haina mtetemo mmoja. Juu ya ule wa msingi hupanda mingine, mara mbili yake, mara tatu, mara nne. Katika G, fa ya besi ina takriban mitetemo 131 kwa sekunde, na simu ile haikuipata sawasawa. Lakini mara mbili yake ni 262, na mara nne ni kama 523, na hizo simu huzishika. Mwalimu alifungua picha ya mitetemo ambayo Audacity huichora, akaitazama ile sekunde moja. Tenor kwenye re ilikuwa kwenye 220, alto kwenye 294, soprano kwenye 370. Kulikuwa na mstari mwembamba kwenye 262, na mwingine hafifu kwenye 523. Hakuna sauti kati ya zile tatu inayoweza kuzaa mistari hiyo. Kama besi ingekuwa so, mtetemo wake wa pili ungeangukia 294, juu ya alto, na pale kwenye 262 pangekuwa patupu.

Mzee alikuwa sahihi. Mtunzi alikwepa so na do mwishoni mwa mstari wa kwanza ili kiitikio kisitulie mapema. Aliziweka mwisho kabisa wa wimbo, ambako simu nne zinazithibitisha. Penseli ikafutwa. Ujuzi wa kanuni ungeupa wimbo besi nzuri isiyo yake.

Hatua hii ina mtego mmoja. Audacity ina kifaa cha kupunguza kelele, na kishawishi cha kukitumia ni kikubwa. Kikizidishwa, hula pamoja na kelele zile mistari nyembamba za besi na konsonanti za maneno. Mwalimu alifanya kazi kwenye nakala na kuacha faili za asili bila kuguswa.

Maneno nayo yalikuwa na shida yake. Simu za zamani zilizohifadhi sauti kwa mtindo wa AMR hukata karibu kila kilicho juu ya mitetemo 3,400, na huko ndiko s, f na sh zinakotofautiana. Neno moja la ubeti wa tatu lingeweza kuwa "sifa" au "shifa", na maana zote mbili zilikubali. Waimbaji watatu walioulizwa kila mmoja peke yake walisema "sifa".

Mahali pawili hapakupatikana kabisa: vipande viwili vya alto katika ubeti wa tatu, ngoma ikiwa imefunika kila simu. Wataalamu wa muziki wa kale hukutana na hali hiyo mara kwa mara. Mkusanyo mashuhuri wa John Baldwin wa Uingereza, ulioandikwa karibu na miaka ya 1570, umepoteza kitabu cha tenor, na nyimbo zisizo na chanzo kingine huimbwa leo kwa tenor iliyotungwa upya na watafiti, ambao hawafichi kwamba ni yao. Mwalimu alifanya hivyo. Vipande viwili vya alto alivitunga yeye, akaviandika kwa nota ndogo na kuweka maelezo chini ya ukurasa.

Juu ya ukurasa liliandikwa jina la marehemu peke yake kama mtunzi. Ndiyo haki, na ndiyo sheria pia: kwa Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999, haki za kazi hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na warithi wake wana neno juu yake. Aliyejaza pengo hageuki kuwa mtunzi wa wimbo.

Kwa walimu wa kwaya wanaosoma hapa, kuna kazi ya jioni moja inayoepusha shida yote hii. Piga picha kila ukurasa wa daftari lako la nota. Kisha, kwenye mazoezi yajayo, weka simu mbele ya besi peke yao, bila ngoma, waimbe wimbo mzima, halafu ufanye vivyo hivyo kwa tenor, alto na soprano. Taja jina la mtunzi na tarehe mwanzoni mwa kila rekodi, na uwape watu wawili wasiokaa nyumba moja nakala za faili zenyewe.